Hereni za shaba na pembe: malalamiko ya mteja na sentensi iliyokosekana kwenye tangazo

Ujumbe uliingia WhatsApp saa tatu usiku. "Habari dada. Samahani kukusumbua. Zile hereni nimezipokea, ni nzuri, lakini moja ni nyeusi tupu na nyingine ina michirizi ya kahawia. Naona umenichanganyia jozi mbili." Sikuwa nimechanganya. Hereni zote mbili zilikatwa kwenye pembe moja, siku moja, na fundi mmoja. Tatizo lilikuwa kwenye tangazo langu, ambalo nitalinakili hapa kama lilivyokuwa:

"Hereni za kipekee za asili, shaba na pembe, rangi ya dhahabu. Zimetengenezwa kwa mkono kwa upendo. Kila jozi ni tofauti. Sh. 1,800."

Hilo neno "tofauti" nilidhani linanikinga. Mteja alilisoma akaelewa kwamba jozi yake haitafanana na ya jirani yake. Hakuelewa kwamba sikio la kulia laweza lisifanane na la kushoto, na hakuna mahali nilipomwambia.

Nauza vitu vya aina moja tu: hereni, bangili na vidani vya shaba ya njano na pembe ya ng'ombe, kazi ambayo mafundi wa Kibera hapa Nairobi wameizoea, wakiyeyusha makufuli na mabomba ya zamani na kuchonga pembe na mifupa kutoka machinjioni. Kwa hiyo mifano yangu yote inatoka huko. Kila lalamiko nililopata nimelirudisha kwenye tangazo na kutafuta ni neno gani lilimpotosha mteja au ni sentensi gani haikuwepo. Nayapanga hapa jinsi wateja wanavyoyasema.

"Hizi si za ndovu kweli?"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalofukuza watu kimyakimya. Anayeuliza ni mmoja. Wengine kumi wanaona neno "pembe", wanapita.

Chanzo ni Kiswahili chenyewe. Neno "pembe" linabeba vitu viwili ambavyo havihusiani hata kidogo. Pembe ya ng'ombe ni ganda linalokua juu ya mfupa kichwani, la dutu ileile ya kucha na nywele. Pembe za ndovu si pembe, ni meno. Lakini masikioni mwa msomaji ni neno moja, na msomaji wa Kenya amekulia kwenye picha za shehena zikiteketezwa katika Mbuga ya Nairobi, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016. Akiona "hereni za pembe" bila maelezo, ana haki ya kuogopa. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES mwaka huohuo wa 1989, na maduka makubwa ya mtandaoni huondoa tangazo lolote linalonukia ndovu. Ukiandika kwa mkato, unaweza kufutiwa tangazo kwa kosa ambalo hukulifanya.

Dawa yake ni fupi. Usiandike "pembe" ikisimama peke yake popote, hata kwenye kichwa cha tangazo, hata kwenye jina la picha. Andika "pembe ya ng'ombe" kila mara. Kama bidhaa ni mfupa, andika "mfupa wa ng'ombe", maana mfupa mweupe uliong'arishwa ndio unaofanana zaidi na jino la ndovu kwenye picha. Kisha ongeza sentensi moja ya asili yake: "Pembe hizi ni mabaki ya machinjioni, ng'ombe aliyechinjwa kwa nyama."

Sentensi hiyo usiiandike kwa kusikia. Mletaji wako wa pembe anaweza kukuuzia plastiki nyeusi, na ipo nyingi. Chukua sindano, ipashe moto hadi iwe nyekundu, iguse upande wa ndani usioonekana. Pembe inatoa harufu ya nywele zilizoungua; plastiki inayeyuka na kutoa harufu kali ya kiwandani. Mfupa unautambua kwa kuutazama chini ya kioo cha kukuzia: una vitone vidogo na mistari mifupi, ni njia za damu zilizobaki. Jino la ndovu lililokatwa kwa upana lina mistari iliyopishana kama wavu. Ukikutana na wavu huo kwenye mzigo wa "mfupa", usiununue, na usiutie kwenye tangazo.

"Mbona hazifanani?"

Hapa ndipo tangazo la kazi ya mkono linaposhindwa mara nyingi, na ndipo nilipoteza hela nyingi zaidi. Tatizo la "kila jozi ni tofauti" ni kwamba haisemi chochote kinachopimika. Mteja hajui atarajie tofauti ya unywele au ya kidole. Muuzaji naye hajui, kwa hiyo malalamiko yakija, kila mmoja anabishana kutoka kichwani mwake.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua jozi kumi za hereni zilezile za nusu mwezi, nikazilaza mezani na rula pamoja na mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Nikapima upana wa kila nusu mwezi na uzito wa kila hereni. Upana ulikwenda kuanzia milimita 41 hadi 44. Uzito ulianzia gramu 7.2 hadi 8.6 kwa hereni moja. Halafu nikapima kile ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria: ndani ya jozi moja, ya kulia na ya kushoto zinaachana kwa kiasi gani. Upana haukuzidi milimita moja. Rangi ya pembe, lo, hiyo iliachana bila mpaka.

Ona sasa ni habari ngapi zimejitokeza. Ukubwa unabadilika kidogo kati ya jozi na jozi, na karibu haubadiliki ndani ya jozi. Alama za nyundo zinabadilika kila mahali kwa sababu fundi anagonga kwa mkono. Rangi ya pembe inabadilika hata ndani ya jozi, kwa sababu pembe moja ya ng'ombe yaweza kuwa nyeusi kwenye ncha na kuwa na michirizi ya asali au ya maziwa karibu na shina. Na kuna vitu ambavyo havibadiliki kabisa: umbo, urefu wa kulabu, aina ya kulabu, namna pembe ilivyofungwa kwenye shaba.

Sentensi nzuri ya tofauti, kwa hiyo, ina sehemu tatu: kinachobadilika na kwa nini, kinabadilika kwa kiasi gani, na kisichobadilika. Hiyo ya tatu ndiyo watu wengi tunaisahau, na ndiyo inayomtuliza mteja. Bila hiyo, orodha ya tofauti inasikika kama fundi anaomba radhi mapema.

Kwanini umwambie sababu? Kwa sababu sababu ndiyo inayomwezesha mteja kutofautisha kazi ya mkono na kazi mbovu. Akijua kwamba michirizi inatoka kwenye pembe yenyewe, hataichukua kuwa ni ufa. Lakini ufa upo pia, na lazima wewe uujue kabla yake. Mchirizi uko ndani ya pembe. Pitisha ukucha juu yake, hauusikii. Ufa unaukwaruza ukucha. Shaba iliyomiminwa kwenye kalibu ya mchanga huwa na vinyweleo vidogo upande wa nyuma, na hivyo naviandika. Tundu linalopenya hadi upande wa pili si "tabia ya kazi ya mkono", ni kasoro, na hereni hiyo inarudi kwenye chungu cha kuyeyushia. Ukianza kuficha kasoro nyuma ya neno "kipekee", wateja wa mara ya pili utawasahau.

Na ile picha? Picha moja ya jozi nzuri kuliko zote ndiyo inayoanzisha ugomvi. Siku hizi natia picha tatu. Ya kwanza ni jozi moja, kwa mwanga wa dirishani asubuhi, juu ya kitambaa cheupe. Ya pili ni jozi nne zikiwa pamoja, nikichagua kwa makusudi iliyo nyeusi zaidi na iliyo na michirizi mingi zaidi, na chini yake naandika: "Yako itakuwa kati ya hizi." Ya tatu ni hereni sikioni mwa mtu, maana milimita 44 hazina maana kwa mtu asiyezoea rula.

"Nimegeuka kijani"

Usijibu hili kabla ya kuuliza swali moja: kijani kiko wapi, na je, kinawasha?

Kama ni rangi tu, haiumi na haiwashi, hiyo ni shaba ikifanya kazi yake. Shaba ya njano, ambayo mafundi wengi huiita brasi, ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Jasho lina chumvi na asidi kidogo. Vikikutana na shaba vinaunda chumvi ya kijani inayobaki juu ya ngozi. Inatoka kwa sabuni na maji. Kwenye bangili na pete hutokea sana, kwa sababu zinakaa juu ya ngozi mchana kutwa. Kwenye hereni inayoning'inia haina sababu ya kutokea, isipokuwa kwenye tundu la sikio. Kwa hiyo mteja akisema "ndewe la sikio limekuwa kijani", umeshapata jibu: kulabu nayo ni ya shaba. Tangazo lako lilisema "hereni za shaba" na halikusema kulabu ni ya nini.

Kama panawasha, pamevimba au panatoa maji, hiyo si shaba kugeuka kijani. Inayoshukiwa kwanza ni nikeli, ambayo huwaletea watu wengi mzio wa ngozi na hupatikana sana kwenye kulabu za bei rahisi zinazouzwa kwa pakiti. Mwambie avue, asivae tena hadi papone, na wewe ukamuulize aliyekuuzia kulabu.

Kulabu ni sehemu ndogo kuliko zote na ndiyo pekee inayopita ndani ya mwili wa mtu, kwa hiyo ina haki ya sentensi yake mwenyewe. Angalia tu usiahidi kupita kiasi. Wengi wetu tumehamia kulabu za stenlesi na tukaandika "haina nikeli". Si kweli. Stenlesi inayotumika sana kwenye vito ina nikeli, tena zaidi ya asilimia 10. Inavumilika kwa watu wengi kwa sababu nikeli hiyo imeshikwa ndani ya chuma na inatoka kidogo sana. Andika "kulabu za stenlesi" basi. Mwenye mzio mkali atajua aulize, na unaweza kumpa kulabu za titani au za fedha 925 kwa nyongeza ya bei. Hiyo nayo iandike.

Neno lililosababisha nusu ya malalamiko ya kijani halikuwa kwenye maelezo ya shaba hata kidogo. Lilikuwa "rangi ya dhahabu". Nilimaanisha rangi. Mteja alielewa kwamba kitu kimechovywa dhahabu, na kilichochovywa dhahabu, kwa matarajio yake, hakitoi kijani. Sasa naandika "shaba ya njano tupu, haijachovywa dhahabu". Mauzo hayakushuka. Waliokuwa wanataka dhahabu ndio walioacha kuagiza, na hao ndio waliokuwa wakirudisha.

Neno "shaba" lenyewe nalo si la kuaminika. Kwa mwingine shaba ni nyekundu kama waya wa umeme, kwa mwingine ni njano kama bomba la maji. Andika rangi yake daima.

"Imebadilika rangi, nikaisafisha, sasa ni ya waridi"

Kisa hiki kilinifunza kuliko vyote. Mama mmoja wa Mombasa alinunua kidani, akakivaa mwezi mzima wa joto, kikageuka kahawia. Hilo ni jambo la kawaida: hewa, unyevu na jasho huifunika shaba kwa ngozi nyembamba ya rangi nyeusinyeusi, na Pwani hufanyika haraka kuliko Nairobi. Aliponiuliza nilimwambia atumie ndimu. Sikumwambia muda. Alikilaza kwenye bakuli la siki na ndimu usiku kucha. Asubuhi shaba ilikuwa ya waridi kama ndani ya mdomo, na pembe imepauka na kuanza kupasuka kwa tabaka.

Yote mawili yana maelezo. Asidi inakula uchafu wa juu kwanza, ndiyo maana ndimu inafanya kazi. Bibi zetu wa Pwani walisugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu na yakang'aa. Ukiiacha muda mrefu, asidi inaendelea na zinki, na kinachobaki juu ni shaba nyekundu. Ile waridi ni ngozi nyembamba sana. Inatoka kwa kusugua na dawa ya kung'arishia metali au sufi laini ya chuma, na chini yake njano ipo palepale. Pembe ndiyo isiyotibika. Pembe inafyonza maji na kuvimba, ikikauka inanywea, na kwa kuwa imejengwa kwa tabaka, tabaka zinaachana. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Kosa langu lilikuwa kutoa maelekezo ya shaba kwa kitu chenye shaba na pembe. Maelekezo ya utunzaji huandikwa kwa kufuata sehemu iliyo dhaifu kuliko zote kwenye kitu hicho. Kidani cha shaba tupu chaweza kusuguliwa kwa nusu ya ndimu na chumvi kidogo, nusu dakika hadi dakika moja, kisha kikaoshwa na kukaushwa hapohapo. Kidani chenye pembe hakioshwi kabisa. Shaba yake unaisugua kwa kitambaa kikavu cha pamba, na ikishindikana, kwa dawa ya metali iliyowekwa kwenye ncha ya kijiti cha pamba, bila kugusa pembe. Pembe inataka tone moja la mafuta ya nazi kila baada ya miezi michache, lipakwe kwa kidole na kufutwa lisibaki la kunata. Tena isiachwe juani kwenye dashibodi ya gari, maana inajipinda.

Swali la kujiuliza ukishaandika ni kama kuna kipimo ndani yake. "Safisha kwa ndimu" haina kipimo. "Epuka maji" haina kipimo pia. Mteja hajui kama manyunyu ya mvua ni maji. Mimi naandika: "Tone la mvua si tatizo, lifute. Usiogee nayo wala kuogelea nayo."

Kuna wanaopaka shaba vanishi ngavu ili isigeuke. Ni uamuzi wa haki, lakini unabadilisha tangazo zima. Vanishi inachunika kwanza pale panapoguswa sana, kwa hiyo kitu kinageuka madoamadoa badala ya kugeuka chote pamoja, na dawa ya metali itaivua vibaya zaidi. Ukipaka, sema umepaka, na futa mstari wa ndimu. Nimewahi kuona tangazo moja lenye yote mawili, "imepakwa vanishi" na "sugua kwa ndimu", na nikajua malalamiko yake yatakavyokuwa.

"Ni salama kwa mtoto?"

Ukiulizwa hili na shaba yako imetokana na mabomba na makufuli, jibu la kweli ni fupi: usimpe mtoto. Shaba ya vitu hivyo mara nyingi hutiwa risasi, metali yenye sumu, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, ili ikatike vizuri kwenye mashine. Ikiyeyushwa, risasi haiendi popote, inabaki humo. Umoja wa Ulaya unaruhusu asilimia 0.05 tu ya uzito kwenye vito, kwa hiyo mteja wa Ujerumani akikuuliza, hiyo si nakshi ya maongezi.

Usiandike "haina risasi" bila kupima. Kuna maabara zinazopima kwa mashine ya miale ya eksirei bila kuharibu kitu, na majibu hutoka palepale. Kumbuka tu kwamba kipimo ni cha chungu kile ulichomimina. Makufuli ya mwezi ujao ni shaba nyingine. Kwa wateja wa nje mimi huagiza shaba mpya yenye cheti kutoka kwa muuza metali, na natia tangazo la pekee lenye bei ya juu. Lile la shaba ya kuyeyushwa linasema wazi: kwa watu wazima, si kwa mtoto anayeweza kutia kitu mdomoni.

"Ni nzito"

Hili ni la dakika moja. Andika uzito wa hereni moja, si wa jozi, kwa gramu. Watu wazima wengi niliowauzia hawalalamiki chini ya gramu kumi. Wakivuka hapo wanaanza kuzivua jioni. Kama yako ina kumi na tano, iseme, na mwenye sikio dhaifu atajichuja mwenyewe.

Tangazo lilivyokuwa baadaye

Baada ya yote hayo, lile tangazo la mistari mitatu liliandikwa upya. Mistari miwili ya kwanza nimeilemeza kwa makusudi, kwa sababu Instagram inakata maelezo mapema na wengi hawabonyezi kusoma yaliyobaki. Mambo mawili yaliyokuwa yakiniletea ugomvi zaidi, ndovu na dhahabu, yanamalizwa humo.

"Hereni za nusu mwezi: shaba ya njano tupu (haijachovywa dhahabu) na pembe ya ng'ombe ya machinjioni. Sh. 1,800 kwa jozi.

Shaba imeyeyushwa kutoka makufuli na mabomba ya zamani, ikamiminwa kwenye mchanga na kugongwa kwa nyundo ndogo. Kulabu ni za stenlesi. Upana milimita 41 hadi 44, hereni moja ina gramu 7 hadi 9.

Pembe huwa nyeusi kwenye ncha na ya michirizi karibu na shina, kwa hiyo rangi inatofautiana kati ya jozi na jozi, na hata kati ya kulia na kushoto. Tazama picha ya pili: yako itakuwa kati ya hizo. Alama za nyundo hazifanani. Ukubwa ndani ya jozi hauachani zaidi ya milimita moja. Umbo na kulabu ni vilevile kwa zote.

Shaba itageuka kahawia polepole. Isugue kwa kitambaa kikavu cha pamba. Usiziloweke kwenye maji, ndimu wala siki: pembe itapasuka. Tone la mvua lifute tu. Mara moja kila miezi mitatu, paka pembe tone la mafuta ya nazi na ufute. Shaba ikigusa ngozi yenye jasho yaweza kuacha alama ya kijani. Inatoka kwa sabuni.

Si kwa watoto."

Ni refu, najua. Rafiki yangu anayeuza nguo alilicheka, akasema limekuwa kama karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Lakini angalia kilichotoka: "kipekee", "asili" na "upendo". Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kuhusu hayo matatu. Neno "asili" hasa lilikuwa likiniponza, maana wengine walilielewa kuwa kitu hakijatiwa chochote, na pembe zangu hung'arishwa kwa nta.

Kuna kazi moja inayobaki, na inarudi kila mzigo mpya ukifika. Pembe za ng'ombe wa Ankole kutoka Uganda ni ndefu na nene, na kwangu hutoa michirizi mingi myeupe. Pembe fupi za ng'ombe wa hapa hutoka nyeusi zaidi. Mletaji akibadilika, picha ya pili inakuwa ya uongo hata kama maneno hayajabadilika. Basi siku ya kupokea mzigo nalaza tena jozi kumi mezani, napima, napiga picha upya, narekebisha namba.

Na kwa mteja ambaye hata baada ya kusoma yote anataka jozi nyeusi tupu, simwambii tena habari za uzuri wa kazi ya mkono. Nachukua jozi tatu zilizo karibu na anachotaka, nazipiga picha dirishani, namtumia WhatsApp zikiwa na namba moja, mbili na tatu kwenye vipande vya karatasi. Anajibu "mbili". Ndipo namtumia namba ya M-Pesa.